Mshale wa Spidi na Mwendo wa Kweli wa Gari

Maelezo kwa wamiliki na madereva wa vyombo vya moto, Kaole



Dereva atokaye Bagamoyo kwenda Dar es Salaam hukutana na kibao cha 50 mara kwa mara: Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, hata Bunju. Mahali hapo pote ndipo askari wa usalama barabarani hupenda kusimama na tochi. Ubishi unaozuka baada ya hapo wajulikana na kila mtu. Askari asema gari lilikuwa katika 54. Dereva aapa kwamba mshale wake haukupita 50. Watu wengi hudhani kwamba mmoja wao hasemi kweli. Yamkini wote wawili wamesema kweli, na kilichowapambanisha ni tairi.

Mshale wa spidi haupimi mwendo wa gari. Unachopimwa ni mzunguko. Katika magari ya zamani waya huzungushwa na giaboksi hadi kwenye dashibodi. Katika magari ya sasa sensa huhesabu mizunguko na kutuma hesabu hiyo kwa umeme. Kwa vyovyote vile, gari limeambiwa na kiwanda kwamba gurudumu likizunguka mara moja, hatua kadhaa ya barabara imepitwa. Hatua hiyo ikibadilika, gari halina habari. Huendelea kuhesabu kwa hatua ile ile ya kiwandani.

Kwa kuwa watengenezaji walijua kwamba tairi huchakaa, na ya kwamba mnunuzi aweza kufunga tairi ya kampuni nyingine, sheria za kimataifa ziliwaachia nafasi ya kukosea, lakini ya upande mmoja tu. Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa, iliyo chini ya Mkataba wa Geneva wa 1958 kuhusu viwango vya magari, yasema kwamba mshale usionyeshe kamwe pungufu ya mwendo wa kweli. Waruhusiwa kuzidisha, nako kuzidisha kuna kikomo: sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kweli, ukijumlisha kilomita 4 kwa saa. Kwa maandishi ya hesabu, V1 ikiwa ni usomaji wa mshale na V2 mwendo wa kweli, kanuni ni hii:

```
0 ≤ V1 − V2 ≤ V2/10 + 4 km/h
```

Basi gari jipya la abiria linalokwenda 50 za kweli laweza kuonyesha popote kati ya 50 na 59, na halijavunja kanuni. Likienda 80 za kweli, laweza kuonyesha hadi 92. Kiwanda, kwa kuogopa kuangukia upande uliokatazwa, hulenga juu kidogo. Ndiyo maana gari lililo katika hali yake ya asili, karibu daima, huenda polepole kuliko dereva wake anavyoamini.

Hata hivyo, magari mengi yapitayo Bagamoyo yalitumika kwanza Japani, na huko ukaguzi wa magari yaliyokwisha tumika una vipimo vyake. Gari huwekwa juu ya rola, mshale hupandishwa hadi 40, kisha rola husema mwendo wa kweli. Kwa gari lililotengenezwa tangu mwaka 2007, mwendo wa kweli wapaswa kuwa kati ya 30.9 na 42.55. Kwa gari la kabla ya hapo, kikomo cha juu ni 44.4. Tazama vizuri hesabu hiyo ya mwisho: gari kuukuu laweza kufaulu ukaguzi wa Japani huku mshale ukisema 40 na gurudumu likienda 44. Mwenye gari la namna hiyo asitegemee akiba yoyote iliyofichwa ndani ya mshale.

Sasa kuhusu tairi. Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba kama 195/65R15. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikiwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kimo cha ubavu hapa ni asilimia 65 ya 195, yaani milimita 126.75. Ubavu huhesabiwa mara mbili, juu na chini, ndipo rimu ya inchi 15, ambayo ni milimita 381, ijumlishwe. Kipenyo cha tairi nzima huwa milimita 634.5.

Chukuliwe mfano wa mwenye Noah iliyokuja na tairi hizo. Njia za ndani zimemchosha, chini ya gari panagongwa na mawe, na fundi amemshauri kuinua gari kwa kufunga 205/70R15. Rimu ni ile ile, tairi yaingia bila kukwaruza, na gari linapanda juu kwa karibu sentimita moja na nusu. Ushauri huo una maana yake. Lakini kipenyo sasa ni milimita 668, yaani zaidi ya asilimia 5 juu ya cha kwanza, na kila mzunguko wa gurudumu hufunika barabara zaidi kwa kiasi hicho hicho, pasipo mshale kujua.

Kabla ya kubadili, dereva huyo alikuwa amepima gari lake kwa njia rahisi. Alishika mshale kwenye 50 katika barabara iliyonyooka, abiria wake akapiga saa kutoka nguzo moja ya kilomita hadi ya pili, nazo zikapita sekunde 76. Ukigawa 3,600 kwa 76 wapata 47.4. Mshale ulikuwa ukizidisha kidogo, ndani kabisa ya ruhusa. Kwa kujua hivyo, alizoea kushika 53 penye kibao cha 50, nayo 53 yake ilikuwa 50 ya kweli. Baada ya tairi mpya, mshale ukiwa kwenye 50, kilomita ile ile hupita kwa sekunde 72. Huo ni mwendo wa 50 kamili. Akiba yote ya kiwanda imeliwa na tairi. Dereva ambaye hakuacha mazoea yake ya 53 sasa anakwenda 53 kweli, na tochi itamsoma hivyo. Angefunga 215/75R15, kama wafanyavyo wanaotaka gari lionekane la kibabe, mshale wa 50 ungekuwa mwendo wa kati ya 52 na 53, na ile 53 yake ya mazoea ingekaribia 56.

Askari hana kosa hapo. Sheria ya Usalama Barabarani huangalia mwendo wa gari barabarani. Haiulizi mshale ulisema nini. Dereva ajiteteaye kwa mshale ajitetea kwa kitu ambacho mwenyewe amekibadilisha. Tena tochi ikielekezwa kwa pembeni badala ya mbele moja kwa moja, kwa kawaida husoma mwendo mdogo kuliko wa kweli, si mkubwa. Kwa hiyo hoja ya kwamba askari alisimama vibaya haimsaidii sana aliyekamatwa.

Kinyume chake kipo pia. Tairi ya kipenyo hicho hicho ikichakaa kutoka kashata za milimita 8 hadi milimita 1.6, kipenyo hupungua karibu milimita 13, yaani asilimia 2. Mshale huzidisha zaidi, na dereva huwa salama mbele ya tochi, ingawa tairi yenyewe ni ya kutupwa. Ndiyo sababu gari laweza kuonekana limeharibika mshale siku ile ile lilipofungwa tairi mpya za saizi sahihi: zile za zamani zilikuwa zimelizoesha vingine.

Kupima hakuhitaji gharama. Njia ya nguzo za kilomita, iliyoelezwa juu, yatosha, mradi mwendo usibadilike kutoka nguzo hadi nguzo, saa ipigwe na abiria wala si dereva, na kipimo kirudiwe kwa kwenda na kurudi. Kosa la sekunde moja katika mwendo wa 50 hubadili jibu kwa chini ya kilomita moja kwa saa. Katika mwendo wa 80, ambapo kilomita huchukua sekunde 45, kosa hilo hilo hulibadili kwa karibu kilomita mbili. Simu yenye programu ya ramani inayosoma satelaiti hufanya kazi hiyo vizuri pia, lakini husomwa gari likiwa limetulia katika mwendo mmoja. Gari likiongeza mwendo au likifunga breki, simu hubaki nyuma, na chini ya miti minene huyumba.

Kipimo kimoja hakifai, nacho ndicho wengi hukikimbilia: kulinganisha mshale na kilomita zinazohesabiwa kwenye dashibodi hiyo hiyo. Vyote viwili hutegemea gurudumu moja, na katika magari mengi kiwanda huzidisha mshale peke yake huku kikiacha hesabu ya kilomita karibu na ukweli. Hapo mtu huona tofauti na kudhani ameipata hitilafu. Afunge tairi ya 205/70R15, naye atakuta mshale umekaribia ukweli ilhali hesabu ya kilomita imepungua: gari litakaposema limekwenda 5,000 tangu kubadilishwa mafuta ya injini, litakuwa limekwenda karibu 5,260. Mafuta ya dizeli au petroli nayo yataonekana kuliwa zaidi kuliko yanavyoliwa kweli, na fundi asiye na hatia atalaumiwa.

Kwa mabasi jambo hili lina uzito wake pekee. Kikomo cha magari ya abiria ni 80, na mabasi ya masafa marefu hufuatiliwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kwa kifaa kinachosoma satelaiti. Kifaa hicho hakijui saizi ya tairi na hakidanganywi nayo. Dereva anayeshika mshale kwenye 80 na kuletewa taarifa kwamba alikuwa katika 84 amwulize mwenye basi tairi zipi zimefungwa, kabla ya kudai kwamba kifaa ni kibovu.

Aliyekwisha badili saizi ana njia tatu. Kurudi kwenye saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva ndiyo njia iliyo nyepesi. Katika baadhi ya pikapu za zamani fundi aweza kubadili kigia kidogo cha plastiki kinachozungusha waya wa spidi. Katika magari ya sensa kipo kifaa kidogo cha kurekebisha hesabu ya umeme, ingawa fundi akifunge baada ya kupima na apime tena baada ya kukifunga. Kung'oa mshale na kuusogeza kwa mkono si matengenezo: husahihisha mwendo mmoja na kuharibu iliyobaki, kwa maana kosa la tairi hukua pamoja na mwendo, na mshale uliosogezwa hukosea kwa kiasi kile kile daima.

Wenye bodaboda nao wakumbuke kwamba katika pikipiki nyingi waya wa spidi hutoka gurudumu la mbele. Tairi ya nyuma ibadilishwe ipendavyo, mshale hautasikia. Ya mbele ndiyo ya kuangaliwa. Na ambaye waya wake ulikatika zamani, mshale ukalala sifuri hata leo, aanze na waya.