Tundu la njano limeenda wapi? Namna ya kuunga deki ya zamani kwenye televisheni mpya

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, kisha mkutano wa mwezi)

Mwezi uliopita watu watatu walitufikia na shida moja, kila mtu kwa njia yake, basi tukaona heri tuiongee mara moja mbele ya wote.

Wakati tulirudi toka Nyarugusu na Lugufu, mizigo ilikuwa kidogo, lakini wengi wetu hatukuacha deki. Sasa mtu ananunua televisheni bapa, anageuza mgongo wake, anatafuta yale matundu matatu, njano, nyeupe na nyekundu, hayaoni. Fundi anamwambia deki imekufa, nunua ingine. Hapo tunasema: ngoja kwanza. Mara nyingi deki ni nzima, kinachokosekana ni njia tu.

Tuchukue mama mmoja wa kwetu. Alikuwa na sidi ya mazishi ya mzee wake, waliyopiga kambini, na haina nakala ingine. Akachomeka fishi ya njano katika tundu la kijani, juu lilikuwa ndilo karibu kufanana. Picha ikatoka, lakini nyeusi na nyeupe, na vidoti vidogo vinatembea juu yake. Akafikiri sidi imeharibika. Kumbe mkono wake ulifanya sawa, ni televisheni iliyoelewa vibaya.

Sababu ni hii. Fishi ya njano inabeba picha nzima, mwanga na rangi pamoja katika waya mmoja. Kuna njia ya pili yenye kugawa picha katika waya tatu: kijani, alama yake Y, inabeba mwanga, bluu ni Pb na nyekundu ni Pr, hizo zinabeba rangi. Televisheni nyingi za sasa zinaunganisha njia zote mbili katika tundu moja la kijani, na pembeni yake utaona wameandika VIDEO au AV, mara nyingi na duara la njano limezunguka lile la kijani. Ukichomeka njano pale na televisheni iko kwenye Component, inatafuta mwanga peke yake, ndiyo maana rangi inapotea. Tulibonyeza SOURCE kwenye rimoti, tukachagua AV, na rangi ikaja palepale. Hatukutumia hata franga moja.

Kama deki yako iko na yale matundu matatu ya rangi, kijani, bluu na nyekundu, yatumie, picha inatoka safi zaidi kuliko ya njano. Lakini uangalie: hapo fishi zinakuwa tano, na kati yazo nyekundu ni mbili, moja ya picha na moja ya sauti. Ukizibadilisha, sauti ya upande mmoja inakuwa mngurumo na rangi zinaharibika. Ukibadilisha bluu na nyekundu ya picha, sura za watu zinakuwa bluu kama wamepigwa baridi. Watoto wetu walicheka sana siku tulipofanya kosa hilo.

Aina ya pili ya televisheni haina matundu ya rangi hata moja. Iko na katundu kadogo kama ka hedifoni, kameandikwa AV IN. Ndani ya karatoni kulikuwa na kawaya kafupi ka kuingia pale, na upande wa pili kanatoa matundu matatu. Wengi wanakatupa pamoja na karatoni. Ukinunua kengine sokoni, kanaweza kuingia vizuri na bado kasifanye kazi, juu viwanda havikupanga pete za ile fishi kwa utaratibu mmoja. Dalili yake: hakuna picha, na spika zinatoa mngurumo mkali, maana picha imeingia katika njia ya sauti. Punguza sauti, kisha hamisha fishi ya njano kwenye tundu nyekundu la waya, halafu kwenye nyeupe. Hakuna kitu kitaungua, nguvu inayopita hapo ni kama volti moja tu. Kama katika matundu yote matatu hakuna picha, basi pete ya ardhi iko mahali pengine. Huo waya urudishe, haufai kwa televisheni yako.

Aina ya tatu ndiyo inayokula pesa za watu. Televisheni iko na HDMI tu. Sokoni watakuonyesha waya wenye HDMI upande mmoja na fishi tatu za rangi upande mwingine, bila kasanduku katikati. Usinunue. Deki ya zamani inatoa picha ya namna moja, HDMI inataka namna ingine, na waya mtupu hauwezi kugeuza. Lazima kawe kale kasanduku kadogo kenye kupewa umeme wake, volti 5, kwa waya wa USB. Unaweza kuuchomeka nyuma ya televisheni yenyewe au katika chaji ya simu. Kama kataa kake hakawaki, usitafute kosa kwingine.

Tena kuna visanduku vya aina mbili vinavyofanana kama mapacha. Unachotaka kimeandikwa AV2HDMI. Kile cha HDMI2AV kinafanya kinyume. Mmoja wetu alinunua cha kinyume na mwenye duka akakataa kukirudisha. Mbele ya kulipa, soma pembeni ya tundu la njano: lazima pawe na neno INPUT. Na usitegemee kasanduku kaboreshe picha. Kanaileta tu kama ilivyo.

Tumalizie na kaseti za VHS, juu yule mama alikuwa na moja pia, ya arusi yake, iliyonakiliwa Uvira mbele ya vita. Tuliazima deki ya jirani, tukapitisha katika kasanduku: picha nyeusi na nyeupe tena. Safari hii sababu ilikuwa ingine. Huku kwetu, toka wakati wa Zaire, televisheni ilifuata utaratibu wa Wafaransa wa kupanga rangi, unaoitwa SECAM. Tanzania walifuata PAL. Kasanduku ketu kalijua PAL na NTSC tu. Mwanga kaliuona, rangi ya SECAM kaliiacha. Tulipeleka deki kwa mwanachama mwenye televisheni ya tundu la kijani, tukachagua AV, na kitenge cha bibi arusi kikaonekana rangi yake. Lakini hata deki yenyewe lazima ijue: angalia usoni au mgongoni kama wameandika MESECAM au SECAM. Ikiwa ni PAL peke yake, kaseti kama ile itabaki bila rangi kwenye televisheni yoyote.

Neno moja juu ya hizo kaseti. Fungua kifuniko chake, angalia utepe kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe, ni ukungu, usiiingize ndani ya deki, utachafua kichwa chake na kukata utepe. Na deki iliyolala miaka mingi, uijaribu kwanza na kaseti isiyo na thamani, ya mpira au ya sinema, dakika kumi, uone kama haitafuni.

Kasanduku na waya wa AV viko kwa mwandishi wetu. Unaandika jina, unachukua kwa siku mbili, unarudisha. Waya wa USB usisahau kuurudisha nao.