Ramani ya Ufipa Katika Karatasi ya Mtihani
Mhadhara wa umma uliotolewa kwa walimu na wanafunzi wa jiografia, Sumbawanga



Swali la umbali kwenye ramani linahesabiwa kuwa swali la bure. Pima kwa rula, zidisha kwa kipimio, geuza sentimita kuwa kilomita, chukua alama zako. Hata hivyo ni swali linaloangusha watahiniwa wengi, na si kwa sababu hawajui kuzidisha. Leo nitashika sababu moja tu, kwa sababu naiona kila msimu wa mitihani ya utamilifu na sioni ikizungumzwa: ramani inayowekwa mbele ya mtahiniwa mara nyingi si ya ukubwa unaotajwa na kipimio chake.

Tuanze na ramani yenyewe. Ramani za mandhari za nchi yetu, mfululizo unaoitwa Y742, zimechorwa kwa kipimio cha 1:50,000. Sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani nusu kilomita. Juu yake imetandazwa miraba ya gridi, na kila mraba una upande wa kilomita moja. Kwa hiyo kwenye karatasi halisi upande wa mraba ni sentimita mbili kamili. Shikeni hiyo sentimita mbili, maana kila nitakachosema baadaye kinaitegemea.

Sasa mwalimu anataka kutunga swali kuhusu ukingo wa mashariki wa uwanda wetu, pale Ufipa inapokatika na kushuka kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Ni sehemu nzuri ya kupimia akili ya mtoto. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, ziwa liko karibu na mita 800, na kati yake kuna mteremko wa Lyamba lya Mfipa, ambako kontua zimebanana kama nyuzi za kitambaa. Mwalimu anakata kipande cha ramani chenye ukubwa wa A3, anakipeleka steshenari, na mtu wa mashine anakipunguza kiingie kwenye A4. Mashine inaandika asilimia 71. Kila urefu kwenye karatasi sasa ni asilimia 71 ya ulivyokuwa. Lakini yale maandishi ya chini, 1:50,000, yamebaki vilevile. Tarakimu zimekuwa ndogo, thamani yake haikubadilika.

Tuseme barabara inayoshuka ukingoni kwenda upande wa Muze inaonekana kwenye kipande hicho. (Vipimo hivi nimevitunga kwa ajili ya zoezi, msivichukue kuwa vya barabara halisi.) Mtahiniwa anaifuata kwa uzi, kona kwa kona, kisha anaulaza uzi kwenye rula na kupata sentimita 9.2. Anazidisha kwa 50,000, anapata kilomita 4.6. Kazi safi, hatua zote zipo, na jibu si kweli.

Angejuaje? Angepima miraba mitano mfululizo, si mmoja, kwa sababu kosa dogo la rula likigawanywa kwa tano linafifia. Miraba mitano ingepaswa kuwa sentimita 10. Anakuta 7.1. Basi sentimita 7.1 ndizo kilomita tano. Sentimita 9.2 ukizigawanya kwa 7.1 na kuzidisha kwa tano unapata karibu kilomita 6.5. Karibu kilomita mbili zilikuwa zimepotelea kwenye mashine, na kipimio cha kweli cha karatasi ile ni kama 1:70,000.

Apime pia miraba mitano kwenda juu. Siku hizi ramani nyingi zinaskaniwa, kisha mwalimu anaivuta picha kwenye kompyuta mpaka ijae ukurasa. Ikivutwa upande mmoja tu, miraba inakuwa mistatili, na hapo hakuna kipimio kimoja kitakachofaa kwa barabara inayokwenda mshazari. Ramani ya namna hiyo haifai kuulizia umbali, basi.

Kwenye eneo hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa pande mbili zote zimepungua. Msitu wenye urefu wa kilomita nne na upana wa kilomita mbili ni kilomita za mraba nane. Kwenye kopi yetu rula itasoma sentimita 5.7 kwa 2.8, na anayetumia 1:50,000 atapata kilomita za mraba nne. Nusu ya msitu imetoweka bila shoka kuguswa. Mwenzake aliyehesabu miraba kwa macho amepata nane, maana mraba uliopunguzwa bado ni kilomita moja ya mraba. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba kuhesabu miraba ni njia ya wavivu.

Nije kwenye jambo ambalo watu wa Ufipa huniuliza kila nikilizungumza hili. Wanasema: ramani ni bapa, mlima si bapa, je, umbali wa ramani hautapungua mno pale ukingoni? Ni swali la haki, tulijibu kwa hesabu. Kwenye kopi ileile, mstari ulionyooka kutoka juu ya ukingo hadi chini una sentimita 4.0, yaani kilomita 2.8 kwa gridi. Kontua zinaonyesha kushuka kwa mita 700. Kwa kanuni ya Pithagorasi, urefu wa kufuata mteremko wenyewe ni kama kilomita 2.9. Tofauti ni mita 90 hivi, asilimia tatu. Mlima wote ule umetuongezea asilimia tatu, na mashine ya kopi ilikuwa imetunyang'anya asilimia 29.

Kinachorefusha safari ya mlimani ni kona. Mstari ulionyooka una mwinamo wa 1:4, ambao lori la mahindi haliuwezi. Mhandisi akaizungusha barabara mpaka ikafika kilomita 6.5, na mwinamo ukawa karibu 1:9. Mtahiniwa aliyeamini 1:50,000 angeandika kwamba mstari ule una mwinamo wa karibu 1:3, kwa sababu mita 700 za kontua hazikupungua ila umbali wa mlalo umepungua. Kosa moja la kipimio linaingia kwenye umbali, kwenye eneo, halafu kwenye mwinamo, na mtoto anapoteza alama mahali patatu.

Kona pia ndizo zinazotofautisha ramani na atlasi. Barabara ya Sumbawanga, Matai hadi bandari ya Kasanga ina kilomita 112, ilhali mstari ulionyooka kati ya Sumbawanga na Kasanga ni kama kilomita 75. Kwenye atlasi ya 1:1,000,000, ambapo milimita moja ni kilomita nzima, kona nyingi hazina pa kuchorwa. Uzi wako hata ukiwa mwaminifu utapata pungufu.

Walimu, ombi langu ni hili. Kabla ya kupeleka ramani steshenari, choreni chini yake kipimio cha mstari, kile kilichogawanywa kwa kilomita. Chenyewe kitapungua pamoja na ramani na kitaendelea kusema kweli. Ile 1:50,000 ifuteni. Kopi zikirudi, pimeni miraba mitano kwa pande zote mbili kabla ya kuandika mwongozo wa kusahihisha, na jibu la mwongozo litoke kwenye kopi aliyopewa mtoto, si kwenye ramani iliyobaki ofisini. Nanyi wanafunzi, mkikuta kipimio na gridi havikubaliani, fuateni gridi, na muandike kwenye hatua zenu urefu wa miraba mliyopima ili msahihishaji aone mlikotoa jibu.