Kinachoweza Kukataa: Kutambua Mahali pa Picha ya Vita au Maafa kwa Mabango, Uoto, Nyumba na Milima

Julai 2018 ilisambaa mitandaoni video ya wanaume wenye sare za kijeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wadogo wawili kwenye njia ya vumbi, kisha wakawapiga risasi. Wapo waliosema ni Mali, wapo waliosema ni Kameruni. Serikali ya Kameruni, kwa kauli ya waziri wake wa mawasiliano, Issa Tchiroma Bakary, ilisema ni habari ya uongo. Septemba mwaka huohuo, kitengo cha uchunguzi cha BBC kiitwacho Africa Eye, kikisaidiana na watafiti wa kujitegemea, kilionyesha kwamba tukio lilifanyika nje kidogo ya mji wa Zelevet, katika Mkoa wa Kaskazini ya Mbali nchini Kameruni, karibu kabisa na mpaka wa Nigeria. Kisa hicho ndicho msingi wa mada hii, na hoja ninayoitetea ni moja: mahali pa picha hapathibitishwi kwa wingi wa vitu vinavyofanana. Panathibitishwa kwa vitu ambavyo vingeweza kupakataa lakini havikupakataa.

Tofauti hiyo inaonekana wazi tukiuliza kila alama ina kazi gani. Wengi wetu tukipewa picha tunakimbilia maandishi: bango la duka, namba ya gari, maneno yaliyochapwa kwenye turubai. Maandishi yanaokoa muda, hilo halina ubishi, lakini kazi yake ni kuelekeza tu. Turubai lenye nembo ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa linaweza kuwa Kigoma, Goma au Kakuma. Bango la Kiswahili linatuacha na nchi kadhaa mkononi, na gari lenye namba za nchi moja huvuka mpaka kila siku. Bango la duka linalotaja mji ni zito zaidi kwa kuwa halisafiri, ila hata hilo hutaja mji na si pale hasa mpiga picha aliposimama. Uoto nao uko hivyohivyo. Mibuyu, miiba na nyasi zilizokauka vinatuambia tuko ukanda mkavu, na ukanda huo unaanzia Senegali hadi Sudan. Katika video ya Zelevet hapakuwa na bango hata moja la kusomeka. Naona hiyo ilikuwa heri, maana iliwalazimu wachunguzi waanze na kitu kisichohama.

Kitu hicho kilikuwa milima. Katika sekunde 40 za mwanzo, nyuma ya watu wale, unaonekana mgongo wa milima wenye umbo la pekee. Wachunguzi walitumia saa nyingi kulilinganisha umbo hilo na sura ya nchi ya kaskazini mwa Kameruni bila mafanikio, hadi mwishoni mwa Julai walipodokezwa na mtu wa Kameruni kwamba watazame karibu na Zelevet. Walipotazama, mstari wa vilele ukalingana. Hapa ndipo mpinzani wa kwanza anaponyoosha mkono: kama mahali pametajwa na mtu, milima imethibitisha nini? Je, si kwamba mchunguzi alikwenda kutafuta alichokwisha kuambiwa? Pingamizi hilo ni la haki, kwa sababu jicho lililoahidiwa kitu hukiona. Jibu lake halimo katika uaminifu wa mchunguzi wala wa mtoa habari. Limo katika jiometria, nayo inastahili kuelezwa taratibu.

Tuseme mbele yetu kuna kilima kilicho mita 500 na nyuma yake mlima ulio kilomita 5. Mpiga picha akisogea mita 100 kwenda kulia, kilima cha karibu kitaonekana kimehama kwenda kushoto kwa nyuzi 11 hivi, na mlima wa mbali kwa nyuzi 1 tu. Tofauti ya nyuzi 10 ni karibu sawa na upana wa ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso. Mtu hawezi kukosa kuiona. Kwa hiyo pale ambapo kilima cha karibu kinakata mstari wa mlima wa mbali panatoa habari kubwa kuliko umbo la mlima wenyewe. Umbo linasema tunatazama mlima gani. Makutano yale yanasema tumesimama wapi. Ndiyo maana kazi yenyewe hufanywa hivi: unachukua fremu kadhaa ambamo kamera inageuka polepole, unaziunganisha kuwa picha moja pana, unachora mstari wa vilele na mabonde yake, kisha katika Google Earth Pro unashuka hadi usawa wa ardhi na kutembea hatua kwa hatua mpaka makutano hayo yakae yalivyo kwenye picha. Mtoa habari anaweza kutaja mji wowote; hawezi kuifanya milima ya mji huo ipishane inavyotakiwa. Dokezo la uongo lingekufa hapo.

Zana hii ina mipaka yake, na asiyeijua atakataa mahali sahihi au akubali mahali pasipo sahihi. Sehemu kubwa ya sura ya nchi tunayoiona katika programu kama hizo kwa Afrika imetokana na vipimo vya rada vya chombo cha anga cha mwaka 2000, vyenye nukta moja kwa kila mita 30 hivi. Jiwe kubwa lililochongoka juu ya kilele hupotea au hulainishwa. Basi tusidai jino kwa jino. Tudai mpangilio wa vilele, kipi kiko juu ya kipi na kwa umbali gani. Ikumbukwe pia kuhakiki kwamba programu haijawekwa kukuza urefu wa milima, na kwamba picha yenyewe haijageuzwa kushoto kulia, hila ambayo wasambazaji hupenda kuifanya. Picha iliyogeuzwa huzaa mlima usiopatikana popote duniani, na mtafutaji asiyeshtuka ataendelea kuusaka.

Mstari wa milima ukishakuweka mahali, nyumba na miti ndivyo vinavyokata shauri, na navyo havipimwi kwa sura. Paa la bati ni paa la bati. Kinachopimwa ni mpangilio: njia inapinda wapi, mti mkubwa uko upande gani wa njia, jengo la kwanza liko umbali gani na lile la pili limeelekea wapi. Unachora ramani ndogo kutokana na video peke yake, kabla ya kufungua picha ya satelaiti, kisha ndipo unailinganisha. Utaratibu huu wa kuchora kwanza unaonekana kama wa kitoto, lakini ndio unaomzuia mchunguzi kupindisha alichokiona ili kifuate alichokikuta. Kule Zelevet, majengo, miti na njia vilikaa mahali pake.

Nyumba hizohizo zilitoa pia tarehe, na hapa hoja yangu inapata ushahidi wake bora. Jengo moja linaloonekana kwenye video lipo katika picha za satelaiti hadi Februari 2016 tu. Basi tukio ni la kabla ya hapo. Kuta zinazozunguka jengo jingine zipo katika picha ya Machi 2015, ila hazikuwa zimejengwa Novemba 2014. Basi tukio ni la baada ya Novemba hiyo. Njia ya miguu wanayopita huonekana wakati wa kiangazi tu, kati ya Januari na Aprili. Kisha vivuli vya wale askari vikatumika kama saa ya jua, kwa hesabu nyepesi: mtu akitoa kivuli sawa na urefu wake, jua liko nyuzi 45 juu ya upeo wa macho. Kwa urefu na mwelekeo wa vivuli walifikia kipindi cha kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015.

Angalieni jinsi kila ushahidi unavyofunga tundu lililoachwa na mwingine. Jua hupita njia ileile mara mbili kwa mwaka, likienda kaskazini na likirudi. Jua la mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili hurudi tena Septemba, kwa hiyo vivuli peke yake vingetuachia vipindi viwili. Lakini Septemba kule ni mwisho wa msimu wa mvua, nyasi zimefunika njia. Uoto, ambao mwanzoni nilisema ni shahidi dhaifu wa mahali, hapa ndio unaokifuta kipindi cha pili. Nao urefu wa kivuli hudanganya ardhi ikiwa na mteremko, na ndiyo sababu mwelekeo wake huaminika zaidi.

Pingamizi la pili ni la upande wa maafa: mafuriko na maporomoko hufuta nyumba, njia na miti, sasa tutalinganisha nini? Maporomoko ya tope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh, mkoani Manyara, Desemba 3, 2023, ni mfano wa karibu. Barabara na nyumba zilizikwa. Hata hivyo mlima wenyewe, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400 na uliosimama peke yake, umebaki, na upande unaoonekana kwenye picha unatosha kuanzia. Picha ya satelaiti ya kabla ya tukio inaonyesha mapaa yaliyokuwapo, ya baada inaonyesha yaliyonusurika; yale yanayoonekana kwenye picha ya mtaani lazima yawe miongoni mwa yaliyonusurika. Nakiri kuwa picha ya karibu ya tope na mbao, isiyo na mlima wala paa zima, haitapata mahali kwa njia hii. Ikiwa hivyo, iandikwe kwamba mahali hapakuthibitishwa.

Pingamizi la tatu ndilo zito: mahali na tarehe havimtaji aliyefanya. Ni kweli. Katika kisa cha Zelevet, kiungo cha kuwafikia watu kilitokana na kazi nyingine, ikiwamo kutambua bunduki aina ya Zastava M21, inayotumiwa na baadhi ya vikosi vya Kameruni, na kulinganisha sare na picha ambazo askari wenyewe walikuwa wameziweka mitandaoni. Ila kazi hiyo isingekuwa na pa kuanzia kama swali la Mali au Kameruni lingebaki wazi. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Yaounde iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10 na mmoja miaka 2, na kuwaachia wawili.

Kwa hiyo naomba vyumba vya habari vinavyowakilishwa hapa viandike mambo matatu kando kando kila vinapochapisha picha ya aina hii: mahali, tarehe na wahusika, kila moja na ushahidi wake, na kwa kila ushahidi kitajwe ni kitu gani kingeonekana kwenye picha kama tungekuwa tumekosea.