Ngazi Kwanza, Cheo Baadaye: Jinsi ya Kusoma Matangazo ya Kazi ya Mashirika

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata



Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, wakazi wa Mkoa wa Kigoma wamezoea kuona matangazo ya kazi ya mashirika ya kimataifa yakibandikwa kwenye mbao za matangazo na kusambazwa kwa simu. Wengi huyasoma kwa haraka. Hutazama cheo, hutazama kituo cha kazi, kisha hutuma maombi. Majibu yasipokuja, husemwa kwamba nafasi hizo zina wenyewe. Huenda mahali fulani lalamiko hilo lina ukweli wake. Hata hivyo, yapo maombi yanayoanguka mapema zaidi, katika mchujo wa kwanza, kwa sababu tu mwombaji hakuzingatia herufi na tarakimu zilizoandikwa juu ya tangazo, kama vile G-4, NO-A au P-2.

Alama hizo ni ngazi ya kazi. Aliyewahi kuomba utumishi serikalini anazijua ngazi za TGS, na anajua kwamba mwenye stashahada na mwenye shahada hawaanzii mahali pamoja. Ngazi za Umoja wa Mataifa hufanya kazi hiyo hiyo, na zaidi ya hapo huonesha ni nani anayeruhusiwa kuomba, atalipwa kwa fedha gani, na mshahara wake umetokana na kipimo kipi. Ndiyo maana ngazi husomwa kwanza, cheo kikafuata.

Herufi G ni ya watumishi wa kada ya jumla: madereva, makarani, watunza ghala, wasaidizi wa ofisi na wasaidizi wa miradi. Huanzia G-1 hadi G-7. Watumishi hawa huajiriwa papo hapo nchini na hulipwa kwa shilingi. Elimu inayotakiwa kwa kawaida ni ya sekondari. Kinachopandisha ngazi ni miaka ya uzoefu. Herufi NO ni ya maofisa wa kitaifa. Hao ni lazima wawe raia wa nchi husika na wawe na shahada ya chuo kikuu, kwa kuwa kazi zao zinahitaji ujuzi wa sheria, lugha na mazingira ya nchi yao. Nao hulipwa kwa shilingi. Herufi P ni ya wataalamu wanaoajiriwa kimataifa. Kiwango chao cha msingi huhesabiwa kwa dola na ni kimoja duniani kote, kisha huongezwa marekebisho kulingana na gharama za maisha za kituo. Mtanzania anaweza kuomba nafasi ya P, ila kwa desturi ya mashirika mengi ajira hiyo humpeleka nchi nyingine. Nafasi ya P iliyoko Kibondo kwa kawaida huenda kwa raia wa taifa jingine.

Tofauti hii ya mishahara huzua manung'uniko katika ofisi moja, na ina chimbuko lake. Mshahara wa kada ya P hulinganishwa na ule wa utumishi wa umma wa taifa linalolipa vizuri zaidi, ambalo kwa muda mrefu limekuwa Marekani. Mshahara wa kada ya G na NO hutokana na uchunguzi wa waajiri bora wa mahali penyewe. Utaratibu huu husimamiwa na Tume ya Kimataifa ya Utumishi wa Umma, iliyoundwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1974. Kwa mwombaji, maana yake ni kwamba mshahara wa ngazi hizo haupangwi kwa maelewano mezani. Jedwali lipo, kila ngazi ina hatua zake, na kwa kawaida mgeni huanzia hatua ya kwanza. Anayeitwa kwenye usaili hana haja ya kutaja kiwango anachokitaka; anapaswa kuwa amekwisha kulisoma jedwali, ambalo Umoja wa Mataifa hulitoa wazi.

Sasa utazamwe mfano wa mwombaji mmoja. Ni binti mwenye stashahada ya maendeleo ya jamii. Aliona matangazo mawili ya shirika moja. La kwanza lilikuwa la ofisa, ngazi ya NO-A. La pili la msaidizi, ngazi ya G-4, likitaka elimu ya sekondari na uzoefu wa miaka mitatu katika kazi za jamii. Aliona kwamba msomi wa stashahada kuitwa msaidizi ni kujishusha, akaomba la ofisa. Ombi hilo halikufika mbali, kwa kuwa NO-A hutaka shahada, na stashahada haiwi shahada hata mwombaji awe na bidii kiasi gani. Nafasi ya G-4 ilipotangazwa tena, aliomba. Katika wasifu wake aliandika: uzoefu, miaka minne. Akaachwa tena.

Kosa la pili lilikuwa katika hesabu. Binti huyu alihesabu majina ya miaka: 2019, 2020, 2021 na 2022, ikawa minne. Wachujaji huhesabu miezi. Kazi yake ya kwanza ilianza tarehe 1 Machi 2019 ikaisha tarehe 31 Agosti 2020, kwa siku nzima. Hiyo ni miezi 18. Kazi ya pili ilianza tarehe 1 Julai 2020 ikaisha tarehe 30 Juni 2021, kwa nusu siku. Julai na Agosti 2020 zimekwisha kuhesabiwa katika kazi ya kwanza, na mwezi mmoja hauhesabiwi mara mbili. Inabaki miezi 10 ya nusu siku, ambayo kwa utaratibu wa kawaida huhesabiwa kuwa miezi 5. Kazi ya tatu ilikuwa ya mwaka mzima wa 2022, miezi 12. Jumla ni miezi 35. Tangazo lilitaka 36. Alianguka kwa mwezi mmoja.

Linaloumiza zaidi ni kwamba mwezi huo alikuwa nao. Kuanzia Septemba hadi Novemba 2021 alikuwa karani wa kukusanya takwimu katika mradi wa maji, kwa mkataba wa miezi mitatu wenye saini na mhuri. Hakuuandika, kwa kuwa aliuona ni kibarua tu. Laiti angeuandika, angefikisha miezi 38 na ombi lake lingevuka mchujo. Kuvuka si kupata kazi, kwa maana mbele bado kuna mtihani wa maandishi na usaili. Lakini asiyevuka hata karatasi ya mtihani haioni.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua fomu, mwombaji aandike kila kazi kwa tarehe, mwezi na mwaka wa kuanza na wa kuisha, aeleze kama ilikuwa ya siku nzima au ya nusu siku, kisha ajumlishe mwenyewe kwa miezi. Mifumo mingi ya maombi humtaka mtu ajaze kazi zake moja moja katika nafasi zilizotengwa, na wachujaji hutegemea yaliyojazwa humo. Anayeandika "tazama wasifu ulioambatanishwa" anaweza kuhesabiwa kuwa hana uzoefu wowote. Maswali ya ndiyo au hapana mwanzoni mwa fomu nayo ni mchujo. Atakayejibu kwamba ana miaka mitatu huku tarehe zake zinaonesha pungufu, atakuwa amejipinga mwenyewe. Vilevile aangalie kama tangazo ni la waombaji wa ndani pekee, na muda wa mwisho umeandikwa kwa saa za mji gani, kwani saa za New York ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa saba au nane.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yana njia nyingine. Hayana jedwali moja. Kila shirika hupanga ngazi zake, na tarakimu 5 katika shirika moja inaweza kuwa ya mkuu wa kitengo, na katika jingine ya dereva. Aghalabu tangazo halitaji mshahara, na hapa mazungumzo yana nafasi yake. Mkataba hufuata fedha za mfadhili: mradi wa miezi 18 huzaa ajira ya miezi isiyozidi 18. Mwaka 2025, fedha za misaada kutoka Marekani zilipokatwa, mashirika mengi yalipunguza watumishi kabla ya muda waliotarajia. Swali la haki katika usaili ni hili: nafasi hii inalipwa na mradi upi, na mradi huo unaisha lini?

Kiasi kinachotajwa nacho kisichukuliwe kilivyo. Mtumishi wa shirika lisilo la kiserikali anayeahidiwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi hukatwa kwanza mchango wa NSSF, kwa mfano asilimia 10, yaani shilingi 120,000. Inabaki 1,080,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kodi yake ni shilingi 128,000 pamoja na asilimia 30 ya zile 80,000 zinazozidi milioni moja, jumla 152,000. Mkononi hupokea 928,000. Mtumishi wa Umoja wa Mataifa halipi kodi ya mapato ya nchi kwa mshahara huo. Hukatwa makato ya ndani ya shirika, kisha asilimia 7.9 ya kiwango cha pensheni kwa ajili ya mfuko wake, pamoja na bima ya afya. Wapo pia wanaokaa katika ofisi hizo hizo kwa mikataba ya huduma. Hao si watumishi, hawamo katika mfuko huo wa pensheni, na kodi ni juu yao. Anayelinganisha ajira mbili na alinganishe fedha ya mkononi, muda wa mkataba na aina ya mkataba, asilinganishe namba iliyo juu ya tangazo.

La mwisho linahusu matapeli. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote: si ya fomu, si ya usaili, si ya mafunzo wala ya uchunguzi wa afya. Tangazo likidai fedha kwa simu, hata kama lina nembo na mhuri, ni la kitapeli. Tangazo la kweli huonekana pia katika tovuti ya shirika lenyewe, likiwa na namba ile ile ya nafasi na ngazi ile ile. Namba isipoonekana huko, maombi yasitumwe, na karatasi hiyo ipelekwe kwa Mtendaji wa Kata ili isiwanase wengine.