Asilimia 24 Isiyokuwa 24: Maelezo ya Kamati ya Fedha Kuhusu Mkopo wa Paa la Zahanati



Kamati ya Fedha tumepewa dakika chache kueleza jambo moja kabla hamjapiga kura. Kuta za zahanati zimesimama, lakini paa bado. Masika yakianza mwezi wa tatu kabla hatujaezeka, matofali yataloa na kazi ya mwaka mzima itaharibika. Tunahitaji shilingi 10,000,000 mwezi Januari, na harambee kubwa ijayo ni Desemba. Katikati hapo hatuna njia nyingine ila kukopa.

Tulitembelea wakopeshaji wawili. Wa kwanza alitutajia riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Wa pili akatutajia asilimia 26, na ada ya maombi ya shilingi 50,000. Tunakiri mbele yenu kwamba tulikaribia kumchukua wa kwanza siku ile ile. Nani asiyejua kuwa 24 ni ndogo kuliko 26? Kilichotuzuia ni maneno matatu yaliyokuwa ndani ya mkataba, ukurasa wa tatu: riba "italimbikizwa kila mwezi". Kwa yule wa pili mkataba ulisema riba itahesabiwa mara moja, mwisho wa mwaka.

Tuanze na wa pili, maana hesabu yake ni nyepesi. Asilimia 26 ya milioni kumi ni 2,600,000. Desemba tutamrudishia 12,600,000, basi.

Sasa wa kwanza. Anaigawa asilimia 24 kwa miezi 12, anapata asilimia 2 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza riba ni 200,000, na kama hatujailipa, anaiongeza kwenye deni. Deni linakuwa 10,200,000. Mwezi wa pili asilimia 2 haihesabiwi tena kwenye milioni kumi, inahesabiwa kwenye 10,200,000. Riba ni 204,000, na deni linafika 10,404,000. Zile 4,000 za ziada ni riba ya riba: tunalipia shilingi ambazo hatukuwahi kuzipokea mkononi. Mwezi wa tatu riba inakuwa 208,080, na deni 10,612,080. Mwezi wa sita deni limefika 11,261,624. Mwezi wa kumi na mbili ni 12,682,418.

Kwa hiyo riba ya mwaka mzima si 2,400,000. Ni 2,682,418, yaani asilimia 26.82 ya tulichokopa. Ile 24 ni riba iliyotajwa. Hii 26.82 ndiyo riba halisi ya mwaka, ile inayotoka mfukoni mwetu. Aliyeonekana ghali ana nafuu ya shilingi 82,418, na hata tukimtolea ada yake ya 50,000, bado anabaki na nafuu ya 32,418.

Tumeulizwa na mzee mmoja: je, huyu wa kwanza ametudanganya? Hapana. Alichotaja kimo kwenye mkataba, na kukokotoa riba kwa mwezi ni jambo la kawaida. Kosa lingekuwa letu kulinganisha vitu viwili visivyopimwa kwa kipimo kimoja, kama mtu anayelinganisha debe na kilo. Ukitaka kulinganisha, badilisha riba zote ziwe za mara moja kwa mwaka, ndipo uamue. Angetaja wa pili asilimia 27, tungerudi kwa wa kwanza.

Hesabu yenyewe mtu anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Chukua asilimia ya mwezi, iandike kama desimali, ongeza moja: asilimia 2 inakuwa 1.02. Izidishe kwa yenyewe mpaka 1.02 zitimie kumi na mbili. Utapata 1.2682. Ondoa moja, kinachobaki ni riba halisi. Vijana wenye kompyuta waandike hivi kwenye Excel, watapata jibu lile lile:

```
=EFFECT(0.24,12)
```

Jambo moja la kuangalia: pengo kati ya riba iliyotajwa na riba halisi halikui sawasawa na riba. Kwa asilimia 10 kwa mwaka inayolimbikizwa kila mwezi, riba halisi ni 10.47, tofauti ndogo. Kwa 24 ni 26.82. Kwa 36, yaani asilimia 3 kwa mwezi, ni 42.58. Ndiyo maana mikopo ya riba kubwa ya mwezi inawaumiza watu wetu kuliko walivyotarajia: wanazidisha 3 kwa 12, wanaona 36, na mwisho wa mwaka wanadaiwa zaidi ya 42. Lakini msiogope pia kupita kiasi. Hata kama ile 24 ingelimbikizwa kila siku, ingefika 27.11 tu. Hatua kubwa ni ile ya kutoka mwaka kwenda mwezi.

Sasa tunafika kwenye uamuzi wenu. Riba ya riba inazaliwa pale tu riba ya mwezi inapoachwa bila kulipwa. Mkopeshaji wa kwanza anakubali tumlipe riba peke yake kila mwezi, na ile milioni kumi tuimalize Desemba. Tukifanya hivyo deni halipandi: ni 200,000 kila mwezi, jumla 2,400,000 kwa mwaka. Hapo yeye ndiye anayetutoza shilingi chache kuliko wote.

Wahasibu wenzetu watasema riba halisi bado ni 26.82, kwa kuwa fedha inatutoka mapema badala ya kungoja Desemba. Ni kweli, kama fedha hiyo ingekuwa mahali inazaa. Lakini sisi tunajuana. Shilingi 2,500 ya mwezi ikibaki kwa kila mmoja wetu, haitazaa kitu, na Desemba haitaonekana.

Kaya zetu zinazochangia ni 80. Kila kaya ikitoa 2,500 kwa mwezi, tunapata 200,000 kamili, bila shilingi ya kubaki. Hapo ndipo penye hatari. Kaya 20 zikichelewa, tunapungukiwa 50,000, nayo inaingia kwenye deni na kuanza kuzaa. Mkataba una faini ya kuchelewa pia, na hiyo haimo katika hesabu tuliyowasomea.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Daftari liko mezani kwa katibu. Kaya iliyo tayari kutoa 2,500 kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi, Januari hadi Desemba, iandike jina leo. Majina yakifika 80, tutasaini na mkopeshaji wa kwanza. Yakipungua, tutakwenda kwa wa pili, tutalipa ada yake, na Desemba tutakuja hapa tukiwa na lengo moja lililo wazi: 12,600,000. Njia zote mbili zinaezeka zahanati. Tunachoomba ni kwamba asiandike jina mtu kwa kuona haya, maana jina lisilolipa litatugharimu kuliko jina lisiloandikwa.

Tuko hapa kwa maswali.