Kusoma Hati ya Mashtaka: Kila Shtaka Linadai Nini

Hati ya mashtaka nchini Kenya huanza kwa majina ya mshtakiwa, kisha hupanga mashtaka kwa namba. Kwa kawaida kila shtaka hujitegemea: hujibiwa peke yake, huthibitishwa peke yake na hutolewa uamuzi wake. Kifungu cha 137 cha Kanuni ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinataka kila shtaka liwe na sehemu mbili. Ya kwanza hutaja kosa na kifungu cha sheria. Ya pili ni maelezo ya kosa, yaani nani alifanya nini, lini, wapi na dhidi ya nani.

Chukua mfano wa kubuni. Shtaka la kwanza linataja kuvunja nyumba usiku, kinyume cha kifungu cha 304(2) cha Kanuni ya Adhabu, na wizi, kinyume cha kifungu cha 279(b). Maelezo yanasema kwamba mshtakiwa, usiku wa tarehe fulani mjini Nakuru, alivunja na kuingia katika nyumba ya kuishi ya mlalamishi akiwa na nia ya kuiba, akaiba televisheni.

Sentensi hiyo husomwa kipande kwa kipande, kwa sababu kila kipande kinahitaji ushahidi. “Alivunja” halimaanishi lazima kufuli lipasuliwe. Kisheria, kusukuma mlango uliofungwa kunatosha. “Usiku” ni kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Tendo likithibitika kuwa la mchana, kosa huangukia kifungu cha 304(1), na kifungo cha juu hushuka kutoka miaka 10 hadi 7. “Nyumba ya kuishi” haijumuishi ghala lisilokaliwa na mtu. “Nia ya kuiba” lazima iwepo wakati wa kuingia.

Chini yake huwekwa shtaka mbadala: kushughulikia mali ya wizi, kifungu cha 322. Hapa haidaiwi kwamba mshtakiwa aliingia nyumbani. Inadaiwa kuwa alikuwa na televisheni hiyo kwa nia mbaya, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa, na si katika tendo lenyewe la kuiba. Kwa hiyo shtaka hili halimwongezei adhabu juu ya lile la kwanza. Akihukumiwa kwa la kwanza, mbadala huachwa bila uamuzi. La kwanza likishindwa, mbadala ndilo huchunguzwa, na kifungo chake cha juu ni miaka 14.

Mwisho, maelezo hulinganishwa na kifungu kilichotajwa. Kipande muhimu kikikosekana, au makosa mawili yakichanganywa hadi mshtakiwa asijue ajibu lipi, hati ina dosari. Ibara ya 50(2)(b) ya Katiba inampa haki ya kuelezwa shtaka kwa undani wa kutosha kulijibu. Mahakama inaweza kuamuru hati irekebishwe chini ya kifungu cha 214 cha Kanuni ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, lakini mshtakiwa husomewa upya, hujibu upya, na anaweza kudai mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena.