Barua ya Likizo: Sentensi Moja, Makosa Mengi

(Mazungumzo kwa maafisa na makarani wa wadi)



Chukueni karani ambaye mama yake amelazwa hospitalini. Anaketi jioni na kumwandikia msimamizi wake hivi:

"MINT: KUHUSU LIKIZO. Nimekua kazini tangu Januari. Naandika hii barua unipe lukhusa ya masiku 10 kuanzia tarehe 3 Novemba ili nimuugue mama. Nita rudi tarehe 13. Asante kwa kunikubalia."

Msimamizi ataelewa, lakini atalazimika kumpigia simu. Kwanza, "mint" ni kifupi cha mintarafu, yaani kuhusu. Kichwa hicho kinasema "kuhusu kuhusu likizo". "MINT: OMBI LA LIKIZO" inatosha. "Nimekua" ni kusema amekomaa kimo, alitaka "nimekuwa". "Lukhusa" ni ruhusa. Neno siku halibadiliki katika wingi, kwa hivyo ni siku 10. "Nita rudi" huandikwa neno moja, na katika barua rasmi "barua hii" hupendeza kuliko "hii barua".

Kosa linaloumiza zaidi ni "nimuugue". Kuugua ni kuwa mgonjwa. Anayemtunza mgonjwa humuuguza, kwa hivyo karani anataka "nimuuguze mama". Silabi moja tu, na aliye kitandani amebadilika.

Sasa hesabu. Tuseme tarehe 3 ni Jumatatu. Karani amehesabu hadi tarehe 12, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa angalau siku 21 za kazi zenye malipo kamili kwa kila miezi 12 ya utumishi. Ikiwa ofisi haifanyi kazi wikendi, siku 10 za kazi huisha Ijumaa tarehe 14, naye hurejea Jumatatu tarehe 17. Karani huyu alijipunja siku mbili bila kujua. Andikeni siku ya kwanza, siku ya mwisho na siku ya kurejea, zote tatu.

Imebaki sauti. "Unipe" ni amri, na "asante kwa kunikubalia" inamfungia mkubwa mlango kabla hajaamua. Wengine huelemea upande wa pili, wakasihi aya nzima na kueleza hata majibu ya maabara ya mgonjwa. Hayo ni siri ya mama.

Barua yenyewe basi isomeke hivi:

"Naomba likizo ya siku 10 za kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 3 hadi Ijumaa tarehe 14 Novemba, ili nimuuguze mama yangu aliyelazwa hospitalini. Nitarejea kazini Jumatatu tarehe 17. Nitashukuru ombi langu likizingatiwa."

Kisha amtaje mwenzake atakayeshika kazi, na atie sahihi chini ya "Wako mwaminifu", si "muaminifu".